Hesabu za Desemba Huanza Novemba

Kampuni nyingi nchini Tanzania hufunga mwaka wao wa hesabu tarehe 31 Desemba, na sheria ya kodi ya mapato inazipa miezi sita baada ya hapo kuwasilisha ritani. Tarehe inayokaa vichwani mwa wenye biashara, basi, ni 30 Juni. Ndiyo maana mwezi Mei na Juni ofisi za wakaguzi wa hesabu hujaa watu wenye maboksi ya karatasi, kila mmoja akitaka kazi yake ianze leo. Wengi wao hawajui kwamba sehemu ya kazi hiyo ilipaswa kufanyika miezi saba nyuma, na kwamba kuna kipande chake ambacho kikishapita hakinunuliki tena.

Mkaguzi makini hujikinga na hali hiyo, na humkinga mteja wake, kwa orodha. Kabla hajagusa leja hata moja humpelekea mteja orodha ya nyaraka na taarifa zinazotakiwa, na mbele ya kila kimoja anaandika tarehe. Wateja wengi huichukua kama karatasi ya kawaida ya ofisi, wakaiweka kwenye droo. Ukiisoma vizuri, hata hivyo, utaona kuwa nusu ya ukaguzi imo humo, kwa sababu tarehe zilizoandikwa hazikupangwa kwa kupenda. Kila moja ina sababu yake.

Tuchukue kampuni ya kuuza vifaa vya ujenzi mjini Morogoro. Ina duka moja barabarani na stoo moja Kihonda. Wakurugenzi ni wawili, mume na mke. Yupo mtunza hesabu mmoja na vijana wanne wa stoo na mauzo. Ina akaunti mbili za benki, Lipa Namba ya simu na mkopo wa benki uliochukuliwa kununulia lori. Mwaka wake wa hesabu unaisha Jumatano, 31 Desemba 2025, na mkaguzi wake ni mpya.

Mkaguzi huyo anapanga tarehe kwa kurudi nyuma. Ritani inatakiwa Jumanne, 30 Juni 2026, lakini hakuna mwenye akili anayesaini hesabu siku ya mwisho, wakati kila mtu nchini anagombania mtandao uleule. Anaweka kusaini Ijumaa, 12 Juni. Wakurugenzi wanahitaji muda wa kusoma rasimu na kuuliza maswali, kwa hiyo rasimu iwafikie 15 Mei. Kazi ya ukaguzi pale dukani ianze Jumatatu, 13 Aprili, baada ya Pasaka. Ili ianze siku hiyo, vitabu lazima viwe vimefungwa na urari wa hesabu uwe mezani kwa mkaguzi Ijumaa, 27 Machi. Zipo wiki mbili kati ya urari na kuanza kazi, na wenye haraka huona ni muda wa bure. Ndizo wiki ambazo mkaguzi anausoma urari, anaulinganisha na wa mwaka uliopita na kuchagua wapi pa kuchimba. Akiupata asubuhi ya kuanza kazi, atachimba popote, na mteja atalipia siku za ziada.

Hadi hapo ni kalenda ya kawaida. Ugumu uko kwenye vitu ambavyo tarehe yake haipangwi na mkaguzi wala na mteja.

Kikubwa kuliko vyote ni kuhesabu stoki. Kwenye duka la vifaa vya ujenzi, mali iliyopo stoo ndiyo sehemu kubwa ya utajiri wa kampuni, na thamani yake tarehe 31 Desemba inaamua faida ya mwaka mzima. Ukitaka kujua gharama ya bidhaa ulizouza, unachukua mali uliyoanza nayo, unajumlisha uliyonunua, unatoa iliyobaki. Ukikosea iliyobaki, umekosea faida, na kodi inayofuata imekosewa vilevile. Viwango vya kimataifa vya ukaguzi, ambavyo ndivyo vinavyotumika hapa nchini, vinamtaka mkaguzi ahudhurie zoezi la kuhesabu pale stoki inapokuwa kubwa kiasi hicho. Anatakiwa aone mifuko kwa macho yake na ahesabu mwenyewe baadhi. Kufikia Aprili mifuko ile imeshakuwa kuta za nyumba za watu. Ndiyo maana mstari wa stoki unakaa juu kabisa kwenye orodha, na tarehe zake ni za mwaka unaoisha. Barua ya makubaliano ya kazi isainiwe ifikapo 21 Novemba, kwa kuwa mkaguzi ambaye bado hajateuliwa hana sababu ya kuingia stoo ya mtu. Mpango wa kuhesabu ufike 5 Desemba, ukisema nani atahesabu, ataanzia wapi na mzigo utasimama saa ngapi. Zoezi lenyewe lifanyike jioni ya 31 Desemba, baada ya duka kufungwa.

Mwenye duka anaweza kulalamika kuwa jioni ya kuamkia mwaka mpya vijana wote wanataka kwenda kwao. Malalamiko hayo ni ya haki, na yana dawa. Kuhesabu kunaweza kufanywa Jumapili, 4 Januari, mradi mauzo na mapokezi ya siku zilizopita kati yameandikwa yote. Tuseme Jumapili hiyo wanakuta mifuko 640 ya saruji. Vitabu vinaonyesha kuwa tangu 1 Januari wameuza mifuko 210 na kupokea lori lenye mifuko 300. Iliyouzwa ilikuwepo tarehe 31 Desemba, kwa hiyo inarudishwa. Iliyopokelewa haikuwepo, kwa hiyo inatolewa. 640 ukijumlisha 210 ukatoa 300 unabaki na 550, na hiyo ndiyo saruji ya mwisho wa mwaka. Hesabu ni rahisi, lakini inasimama juu ya daftari la siku nne. Kijana mmoja akitoa mifuko 20 kwa jirani bila kuandika, jibu limeharibika na hakuna wa kulirekebisha. Kwa hiyo anayechagua tarehe 4 anaongezewa mstari mwingine kwenye orodha: nakala za risiti zote za EFD na hati zote za kupokelea mzigo za tarehe 1 hadi 4 Januari, zikabidhiwe Jumatatu ya tarehe 5.

Kuna jambo la stoo za vifaa vya ujenzi ambalo mkaguzi asiyezijua hulikosa. Watu wengi hujenga kidogokidogo. Mtu analipia mabati 30 mwezi Oktoba, anayaacha palepale dukani mpaka kuta zake zifike linta. Mabati hayo yamo stoo lakini si mali ya duka tena. Ukiyahesabu kama ya duka, umeongeza mali ambayo huna. Orodha nzuri, kwa hiyo, inadai karatasi ambayo haipo kwenye orodha za mfano za vitabuni: majina ya wateja waliolipa na hawajachukua mzigo, aina na idadi ya kila kitu, kama ilivyokuwa 31 Desemba. Ibandikwe tayari ukutani siku ya kuhesabu, na mzigo huo utengwe upande wake.

Orodha ya stoki inayofuata, ile yenye thamani, inaweza kusubiri mpaka 30 Januari, lakini lazima iseme bei gani inatumika. Ikiandikwa tu “orodha ya stoki na bei zake”, mtunza hesabu atachukua bei anayoifahamu kuliko zote, yaani ya kuuzia. Kama mfuko ulinunuliwa kwa shilingi 14,500 na unauzwa 16,500, mifuko yetu 550 itaonekana na thamani iliyozidi kwa shilingi 1,100,000. Faida itapanda kwa kiasi hichohicho, na kwa kiwango cha kodi ya kampuni cha asilimia 30, mwenye duka anadaiwa shilingi 330,000 juu ya faida ambayo hajaipata. Hiyo ni saruji peke yake. Bado nondo, mabati, rangi na misumari. Kosa zima limetokana na neno moja kukosekana kwenye orodha: bei ya kununulia.

Hilo linatupeleka kwenye namna ya kuandika mistari yenyewe. Orodha nyingi zinazozunguka maofisini zimeandikwa kwa vichwa vya habari tu: taarifa za benki, risiti, mikataba, mishahara. Mteja anaona kichwa, analeta kitu kinachofanana nacho, na moyoni anahesabu kuwa amemaliza. Linganisha na mistari hii iliyoandikwa kwa ajili ya kampuni yetu ya Morogoro:

Taarifa za benki za akaunti zote mbili, 1 Januari hadi 31 Desemba 2025, faili la PDF lililotoka benki, kurasa zote. Mtunza hesabu. Ijumaa, 16 Januari.

Taarifa za akaunti hizohizo za Januari na Februari 2026. Mtunza hesabu. Ijumaa, 6 Machi.

Taarifa ya Lipa Namba na ya namba yoyote nyingine inayopokea fedha za biashara, hata kama imesajiliwa kwa jina la mtu binafsi, mwaka mzima wa 2025. Mkurugenzi mwenyewe. Ijumaa, 16 Januari.

Barua ya mkopo wa lori na ratiba ya marejesho, nakala zenye saini za pande zote. Mkurugenzi. Ijumaa, 21 Novemba.

Kila mstari unasema kitu gani, cha kipindi gani, kwa sura gani, nani anakileta na lini. Jina la mletaji lina uzito wake. Taarifa ya namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mkurugenzi hutolewa kwa mwenye namba, na mtunza hesabu akiachiwa mzigo huo atasubiri wiki tatu akiona aibu kumkumbusha bosi wake. Maneno kuhusu jina la mtu binafsi nayo si ya kupamba. Biashara nyingi zilianza kupokea malipo kwenye simu ya mwenye duka kabla kampuni haijasajiliwa, na wateja wa zamani bado wanaituma hela hukohuko. Fedha hiyo haionekani benki. Mkaguzi asipoiuliza kwa maneno ya wazi, hataletewa, kwa kuwa mwenye nayo hahesabu kuwa ni akaunti ya kampuni.

Mstari wa pili, wa Januari na Februari, huwashangaza wateja. Mwaka umeshafungwa, miezi ya mwaka mpya inahusu nini? Inahusu wadaiwa. Kampuni ikisema kuwa mwisho wa Desemba fundi fulani alikuwa anadaiwa shilingi milioni 4 za nondo, ushahidi mzuri kuliko wote ni kuona milioni hizo zikiingia benki mwezi Januari au Februari. Zisipoingia, mkaguzi anaanza kuuliza kama deni hilo litalipwa kweli. Hundi iliyoandikwa tarehe 30 Desemba nayo itaonekana benki Januari. Tarehe ya 6 Machi imetokana na hapo: taarifa ya Februari haiwezi kupatikana kabla Februari haijaisha.

Barua ya uthibitisho wa benki ni mfano mwingine wa kitu chenye tarehe isiyo mikononi mwetu. Mkaguzi anaiandikia benki kuomba imthibitishie salio, mikopo na dhamana, na jibu liende kwake moja kwa moja bila kupitia kwa mteja. Benki haitoi siri ya mteja bila idhini yake, kwa hiyo barua lazima isainiwe na wenye saini za akaunti. Kazi ya mteja ni saini tu, dakika tano. Lakini barua hiyo ikisainiwa Aprili, jibu linaweza kufika Juni, na kila kitu kingine kimekwisha kikilisubiri. Kwenye orodha yetu saini inatakiwa Ijumaa, 9 Januari, na ujumbe wa kumkumbusha mkurugenzi unaandikwa siku mbili kabla, kwa maneno ya kawaida: “Shikamoo mama. Barua mbili za benki ziko kwa mhasibu, zinasubiri saini yako na ya mzee. Tukizipeleka Ijumaa hii, majibu yatatukuta tukiwa tayari. Naomba msisafiri kabla hamjasaini.” Ujumbe wa namna hiyo unafanya kazi kuliko kumtumia orodha nzima upya, kwa sababu unataja kitu kimoja, siku moja na sababu moja.

Risiti nazo zina adui wao. Karatasi ya mashine ya EFD huandikwa kwa joto, si kwa wino, na maandishi yake hufifia. Risiti za manunuzi zilizokaa mwaka mzima kwenye boksi juu ya friji, au nyuma ya kioo cha gari, hutoka nyeupe. Gharama isiyo na risiti inayosomeka ni vigumu kuitetea mbele ya TRA. Kwa mkaguzi mpya anayeanza Novemba, dawa ni kuweka mstari wa kuzipiga picha au kutoa nakala za Januari hadi Oktoba mara moja, ifikapo 5 Desemba, halafu Novemba na Desemba zifuate 16 Januari. Picha ishike namba ya uhakiki iliyo chini ya risiti, maana ndiyo inayomwezesha mtu kuihakiki kwenye mfumo wa TRA hata karatasi ikishafutika.

Zipo taarifa ambazo hazimo kwenye karatasi yoyote, na mteja lazima azitoe kwa kinywa au kwa barua. Je, kuna kesi au madai? Je, mdogo wa mkurugenzi ndiye mwenye lori la pili linalokodiwa, na kwa bei gani? Je, kiwanja cha stoo ya Kihonda kina jina la kampuni au la mama? Maswali haya huonekana ya kuingilia mambo ya familia, na mkaguzi anayeyatuma kwa barua pepe kama mistari ya kutiki hupata “hakuna” kila mahali. Mimi naamini yapewe nafasi yake: kikao cha saa moja na wakurugenzi wote wawili, kikiwa na tarehe kama vitu vingine, hapa Jumatano ya 4 Februari, na majibu yaandikwe na kusomwa tena kabla ya kuachana.

Sasa orodha imetumwa na vitu vinaanza kuingia. Hapa ndipo nyingi zinapokufa, kwa sababu zina safu moja tu ya kutiki: imeletwa. Kuletwa na kukubalika ni hatua mbili. Mtunza hesabu anasema taarifa za benki ameleta zote. Mkaguzi anafungua faili, anaona salio la mwisho wa Juni ni shilingi 8,214,600 na salio la mwanzo wa ukurasa unaofuata ni 6,930,100. Hapo katikati kuna kurasa zilizokosekana, pengine Julai nzima. Kukagua hivi hakuhitaji utaalamu mkubwa: salio la mwisho la kila mwezi lifanane na la mwanzo la mwezi unaofuata, mpaka mwaka uishe. Kukifanywa siku faili linapofika, mtunza hesabu anarudi benki kesho yake. Kukifanywa Aprili, kazi inasimama watu wakiwa wameshafika Morogoro. Kwa hiyo kila mstari uwe na tarehe tatu: iliyopangwa, iliyoletwa na iliyokubaliwa. Mkaguzi naye ajifunge kwamba atakubali au kurudisha ndani ya siku tatu za kazi. Mteja aliyeleta kitu Januari akaambiwa Aprili kuwa kina kasoro ana haki ya kukasirika.

Tarehe zikipita je? Orodha iseme mapema, kwa maneno ya upole lakini ya wazi, nini kinasogea. Urari ukichelewa kutoka 27 Machi hadi 10 Aprili, kazi haianzi 13 Aprili. Inasogea mpaka nafasi inayofuata ya mkaguzi, ambayo huenda ni Mei, kwa kuwa wiki za Aprili zimeshapangiwa wateja wengine. Nyaraka nyingi zinavumilia kuchelewa kwa gharama hiyo ya muda na fedha. Stoki haivumilii hivyo. Kama hakuna aliyehesabu mwisho wa mwaka, na kumbukumbu za stoo haziruhusu kurudi nyuma kama tulivyofanya kwa saruji, mkaguzi hana budi kuandika kwenye ripoti yake kwamba hakuweza kujiridhisha na mali hiyo. Wasomaji wanaofuatilia ripoti za CAG wanaifahamu kwa jina la hati yenye shaka. Benki ya kampuni yetu, inayosoma ripoti hiyo kila mwaka kwa ajili ya mkopo wa lori, itaisoma pia.

Mstari wa chini kabisa wa orodha ni barua ya tamko la uongozi. Ndani yake wakurugenzi wanathibitisha kwa maandishi kuwa wametoa nyaraka zote, wametaja madeni na kesi zote, na kwamba hesabu ni zao. Wateja wenye bidii hutaka kuisaini Novemba pamoja na karatasi nyingine ili waondoe usumbufu, na mkaguzi hulazimika kukataa. Barua hiyo inazungumzia mambo yote mpaka siku ya ripoti, kwa hiyo haiwezi kusainiwa miezi kadhaa kabla yake. Imewekewa tarehe ya 12 Juni, siku ileile ya hesabu, na wakurugenzi wote wawili watakiwe kuwepo mjini.